Salio likibaki chini ya kiwango: Jinsi akaunti iliyosahauliwa hugeuka kuwa deni

Mfanyakazi anapoacha kazi, aghalabu huiacha pia akaunti ambayo mwajiri alikuwa akimlipia mshahara. Hutoa pesa anazozihitaji, hurudisha kadi ya ATM mfukoni na kuondoka akiamini kwamba yeye na benki hiyo wameachana kwa heri. Miaka miwili au mitatu baadaye huenda kuomba mkopo katika benki nyingine, na afisa wa mikopo humwarifu kwamba jina lake limo katika orodha ya watu wasiolipa madeni. Akiuliza ni deni gani, huonyeshwa akaunti ile ile aliyoisahau.

Mtu huyo hakukopa hata senti moja. Kilichotokea ni kwamba salio lake lilibaki chini ya kiwango kwa miezi kadhaa, na mitambo ya benki ikaendelea na hesabu zake mwisho wa kila mwezi bila kumuuliza. Ili kuelewa jinsi shilingi mia chache za akiba zinavyoweza kugeuka kuwa deni, sharti kwanza tujue kiwango hicho cha chini ni kitu gani hasa.

VIWANGO VITATU, JINA MOJA

Neno 'kiwango cha chini cha salio' hutumiwa katika benki za Kenya kwa maana tatu tofauti, na mteja anayezichanganya huishia kulaumu asichopaswa kulaumu.

Kuna, kwanza, pesa za kufungulia akaunti. Hizi hudaiwa siku ya kwanza tu. Baadaye huenda mteja akaruhusiwa kuzitoa zote, au baadhi yake zikawa sehemu ya kiwango cha pili.

Kiwango cha pili ni salio la kuendeshea akaunti, yaani pesa ambazo benki inataka zisalie ndani wakati wote. Baadhi ya benki hulifunga salio hilo kabisa. Ndiyo sababu mteja anayetazama skrini ya ATM huona tarakimu mbili: 'Actual Balance', ambayo ni jumla ya pesa zake, na 'Available Balance', ambayo ni kiasi anachoweza kutoa. Tofauti kati ya tarakimu hizo mbili mara nyingi ndilo salio lililofungwa. Pesa hizo hazijapotea. Hurudishwa akaunti inapofungwa. Benki nyingine hazifungi chochote. Humwachia mteja uhuru wa kutoa hadi shilingi ya mwisho, kisha humtoza ada kwa kila mwezi ambao salio lilikuwa chini ya kiwango. Kwa maoni yangu aina hii ya pili ndiyo ya kuhofiwa zaidi, kwa kuwa haimzuii mteja kukosea, bali humngoja akishakosea.

Kiwango cha tatu kinahusu riba. Ni salio ambalo akaunti ya akiba lazima iwe nalo ndipo ianze kuzaa. Aliye chini yake hatozwi kitu, ila pesa zake hukaa kama zilivyo.

Viwango hivi havikuanza jana. Mwishoni mwa miaka ya tisini baadhi ya benki kubwa humu nchini zilivipandisha huku zikifunga matawi mashambani, na wakulima na vibarua wengi wakajikuta nje. Pengo hilo ndilo lililojazwa na taasisi kama Equity, iliyoanza mwaka wa 1984 kama chama cha mikopo ya nyumba na kuwa benki kamili mwaka wa 2004, ambayo ilijitangaza kwa akaunti zisizodai salio la chini. Baada ya M-Pesa kuzinduliwa mwaka wa 2007, ilikuwa vigumu kwa benki yoyote kumshawishi mtu wa kipato kidogo afungiwe shilingi elfu kadhaa ili tu aitwe mteja. Leo akaunti nyingi za watu wa kawaida hazina kiwango cha kuendeshea. Lakini vipo bado katika akaunti nyingi za hundi, za biashara na zile zinazoahidi riba, na vipo katika mamilioni ya kurasa za masharti ambazo wateja walitia sahihi bila kuzisoma.

SALIO HUPIMWA LINI?

Mteja anaweza kuwa na pesa za kutosha siku ishirini na tisa za mwezi na bado akahesabiwa kuwa alikuwa chini ya kiwango. Hilo hutegemea jinsi benki inavyopima.

Ipo njia ya kutazama salio la siku ya mwisho ya mwezi pekee. Ipo njia ya wastani, ambapo salio la kila siku hujumlishwa na kugawanywa kwa idadi ya siku. Na ipo njia ya salio dogo kuliko yote lililoonekana mwezi huo, hata kama lilidumu kwa saa chache.

Tuseme mteja ana Sh12,000 katika akaunti ya akiba ambayo kiwango chake cha kupata riba ni Sh5,000. Siku moja anatoa Sh8,000 kulipa karo, na kesho yake anarudisha. Kwa njia ya wastani, mwezi wa siku 30 utampa salio la takriban Sh11,733, na riba ya asilimia nne kwa mwaka itakuwa kama Sh39. Serikali itachukua asilimia 15 ya riba hiyo kama kodi, naye abaki na Sh33. Kwa njia ya salio dogo, hapati kitu, kwa kuwa siku hiyo moja akaunti ilikuwa na Sh4,000 tu.

Msomaji atauliza kama kuna haja ya kubishana kuhusu shilingi thelathini na tatu. Labda hakuna. Lakini njia hizo hizo hutumiwa kuamua iwapo mteja wa akaunti ya hundi atatozwa ada, na ada hiyo huwa mara kadhaa ya riba anayoipoteza mwenye akaunti ya akiba. Kwa hivyo swali la kwanza la kumuuliza karani si 'kiwango ni kipi?' bali 'mnakipima siku gani?'

SHERIA INASEMA NINI

Sheria ya Benki, Sura ya 488, ina kifungu ambacho wateja wengi hawakijui, nacho ni 16A. Kinazipiga benki marufuku kutoza ada ya aina yoyote kwa akaunti ya akiba, akaunti ya amana ya muda maalumu na ile ya notisi ya siku saba. Kifungu hicho kinaongeza kwamba mwenye akaunti ya akiba atalipwa riba almradi adumishe kiwango cha chini cha salio.

Maana yake ni kwamba, katika akaunti ya akiba, adhabu pekee ya kushuka chini ya kiwango ni kukosa riba. Benki haina ruhusa ya kukata ada ya kila mwezi kwa sababu salio ni dogo. Mwenye Sh300 katika akaunti ya akiba leo anapaswa kuzikuta Sh300 hizo mwaka ujao. Hata hivyo, benki huchukulia kwamba ada za huduma ambazo mteja mwenyewe ameziomba, kama vile kutoa pesa kwa ATM au kupewa kadi mpya, ni jambo jingine, na hizo huonekana katika taarifa za akaunti kila mara.

Akaunti za hundi na zile zinazoitwa za miamala hazimo katika kifungu hicho. Huko ndiko ada ya leja, ada ya kudumisha akaunti na ada ya salio dogo zinakoishi. Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 44, inazuia benki kupandisha ada zake bila idhini ya Waziri wa Fedha, lakini ada iliyokwisha kuidhinishwa hutozwa kihalali.

Kwa hivyo jina la akaunti ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Hili lilidhihirika mwaka wa 2016, Bunge lilipopitisha sheria ya kudhibiti riba. Pamoja na kuweka kikomo kwa riba ya mikopo, sheria hiyo ilizitaka benki zilipe amana zinazozaa riba angalau asilimia 70 ya kiwango cha msingi cha Benki Kuu ya Kenya (CBK). Baadhi ya benki zilijibu kwa kubadilisha akaunti za akiba za wateja wao kuwa akaunti za miamala, ambazo hazizai riba, au kwa kupandisha kiwango cha salio la kupata riba. Sharti hilo la amana liliondolewa mwaka wa 2018, na kikomo cha riba ya mikopo kikafutwa Novemba 2019. Ila akaunti iliyokwisha kubadilishwa jina haikurudishiwa jina lake la zamani kwa sababu tu sheria imebadilika.

Mtu aliyefungua akaunti ya akiba kabla ya mwaka wa 2016 angefanya vyema kuuliza tawini akaunti hiyo inaitwaje sasa. Kitabu cha zamani cha akiba kilichohifadhiwa sandukuni si ushahidi wa kutosha.

MIEZI KUMI YA AKAUNTI MOJA

Tuchukue mfano, nasi tuufuate mwezi baada ya mwezi. Kijana anafanya kazi katika shamba la maua Naivasha. Mwajiri anamlipa kupitia akaunti ya mshahara. Akaunti za namna hii mara nyingi husamehewa ada na kiwango cha chini, lakini msamaha huo hudumu tu wakati mshahara unaingia. Masharti husema kwamba mshahara ukikosa kuingia kwa miezi mitatu, kwa mfano, akaunti itageuzwa kuwa ya kawaida. Sentensi hiyo moja ndiyo chanzo cha masaibu mengi yanayosimuliwa hapa.

Kijana anaacha kazi Oktoba na kurudi kwao Busia. Anaacha Sh1,300 ndani, makusudi, 'ili akaunti isife.' Novemba, Desemba na Januari zinapita bila mshahara. Februari mtambo unaigeuza akaunti kuwa ya kawaida, ambayo kiwango chake ni Sh2,000. Kila mwezi salio likiwa chini ya hapo, ada ni Sh200, na juu yake ushuru wa bidhaa unaokwenda kwa serikali, tuseme Sh40. Jumla ni Sh240.

Mwisho wa Februari salio ni Sh1,060. Machi ni Sh820. Aprili ni Sh580, Mei ni Sh340 na Juni ni Sh100. Hadi hapo kijana amepoteza Sh1,200 bila kugusa akaunti. Iwapo alibadilisha nambari ya simu alipohama, jambo la kawaida kwa vibarua wa mashamba, hajapokea arafa hata moja.

Mwisho wa Julai ndio njia panda. Ada ni Sh240 ilhali akaunti ina Sh100. Mitambo ya benki imepangwa kufanya mojawapo ya mambo mawili. Benki nyingine huchukua Sh100 zilizopo na kuandika pembeni kwamba Sh140 bado zinadaiwa, bila kuliruhusu salio kwenda chini ya sufuri. Nyingine huikata ada yote, na salio huwa hasi Sh140. Kwa mteja tofauti hii haionekani, lakini kwa benki ni kubwa. Akaunti yenye salio hasi ni mkopo. Huingia katika vitabu kama pesa ambazo benki imemkopesha mteja bila mpango, na inaweza kuanza kuzaa riba kama mkopo mwingine wowote.

Tuseme benki hii ni ya aina ya pili, na tuiache riba kando ili hesabu iwe nyepesi. Agosti salio ni hasi Sh380. Septemba ni hasi Sh620, Oktoba ni hasi Sh860 na Novemba ni hasi Sh1,100.

Mambo mawili yametokea kwa wakati mmoja. Siku 90 zimepita tangu akaunti iingie katika deni, na kwa kanuni za benki mkopo usiolipwa kwa siku 90 huhesabiwa kuwa mkopo mbaya. Pili, deni limevuka Sh1,000. Kanuni za mashirika ya marejeleo ya mikopo (CRB) za mwaka wa 2020 zinakataza benki kumripoti mtu kwa deni lisilofika Sh1,000. Kikomo hicho kiliwekwa baada ya malalamiko kwamba Wakenya wengi walikuwa wakiorodheshwa kwa sababu ya vijisenti. Kinasaidia, lakini kama mfano huu unavyoonyesha, ada ya kila mwezi inaweza kukivuka yenyewe ikipewa muda.

Kabla ya kumripoti, benki inatakiwa kumpa mteja notisi ya siku 30. Notisi hiyo hutumwa kwa anwani au nambari iliyo katika kumbukumbu za benki, nayo katika mfano wetu ni sanduku la posta la shamba la maua ambako kijana hayuko tena. Barua inafika, inakaa katika ofisi ya mwajiri, na inatupwa. Kwa mujibu wa kumbukumbu za benki, mteja ameonywa.

Turudi nyuma kidogo. Kijana huyu alipungukiwa na Sh700 tu kufikia kiwango. Angeacha Sh2,000, mtambo usingekuwa na ada ya kumkata Februari. Hata hivyo asingekuwa salama kabisa. Anayeacha kiasi kile kile cha kiwango, bila shilingi za ziada, anaweza kushushwa na benki yenyewe. Ada ya mwaka ya kadi au ya arafa hukatwa siku moja, salio linakuwa Sh1,900, na mwisho wa mwezi ada ya salio dogo inafuata kwa sababu ya ada iliyotangulia. Nimewahi kusoma taarifa ya akaunti ya jamaa yangu ambayo ukurasa mzima haukuwa na kitu kingine ila ada inayozaa ada. Mwenyewe alidhani ameibiwa.

AKAUNTI KULALA SI AKAUNTI KUFA

Huku ada zikiendelea, kuna saa nyingine inayohesabu kando. Mteja asipoweka wala kutoa pesa kwa kipindi fulani, akaunti hutangazwa kuwa imelala. Kipindi hicho hutofautiana baina ya benki na baina ya aina za akaunti. Miezi sita hadi kumi na miwili ni ya kawaida. Ada inayokatwa na benki, au riba inayoingizwa nayo, haihesabiwi kuwa ni muamala wa mteja. Kwa hivyo akaunti inaweza kuwa na mistari kumi ya makato na bado ikawa imelala.

Akaunti iliyolala hufungiwa upande wa kutoa. Kadi hukataliwa na huduma ya simu huzimika. Upande wa kuingiza kwa kawaida hubaki wazi, na hapo ndipo watu wengine huumia mara ya pili. Jamaa aliye Mombasa au ughaibuni bado ana nambari ya akaunti ile ya zamani, naye anatuma Sh3,000 za matibabu ya mama. Pesa zinaingia, deni la Sh1,100 linalipwa kwanza papo hapo, na zinazosalia zinakwama kwa kuwa akaunti imelala. Benki haitarudisha zile zilizolipa deni, kwani kwa upande wake mteja amelipa alichodaiwa.

Masharti mengi huipa benki haki ya kufidia deni la akaunti moja kutoka kwa akaunti nyingine ya mteja yule yule katika benki hiyo. Ada za akaunti ya hundi iliyosahauliwa zinaweza kutafuta pesa katika akaunti ya akiba inayotumika, ingawa akaunti ya akiba yenyewe hairuhusiwi kutozwa ada.

Kuiamsha akaunti iliyolala si kazi ngumu. Mteja huenda tawini na kitambulisho cha kitaifa, nambari ya PIN ya Mamlaka ya Ushuru (KRA) na picha, hujaza fomu, na aghalabu hutakiwa kuweka pesa kidogo. Lakini kabla ya kuweka chochote, na aombe taarifa ya akaunti tangu siku ya muamala wake wa mwisho. Aitazame kwa makini safu ya makato na kuuliza mambo mawili: akaunti hii ni ya aina gani, na ada hii ilianza mwezi upi. Ikiwa ni akaunti ya akiba, kila ada ya salio dogo iliyokatwa inapingana na kifungu cha 16A, naye ana haki ya kudai irudishwe. Ikiwa iligeuzwa kutoka aina moja hadi nyingine, aombe kuonyeshwa notisi ya mabadiliko hayo. Mameneja wa matawi wana uwezo wa kusamehe ada za aina hii, na mara nyingi husamehe mteja akija na hesabu zake mkononi badala ya kuja na hasira. Wakikataa, malalamiko ya maandishi kwa makao makuu ya benki, kisha kwa CBK, ndiyo njia inayofuata.

Aliyekwisha kuorodheshwa ana haki ya kupata ripoti yake ya CRB bila malipo mara moja kwa mwaka, kutoka kwa mashirika ambayo ni Metropol, TransUnion na Creditinfo. Ripoti huonyesha jina la benki, aina ya akaunti, kiasi na tarehe. Deni likiwa limeandikwa kimakosa, hupingwa kwa maandishi kwa shirika lenyewe, nalo hulazimika kuiuliza benki. Likiwa ni halali na likalipwa, rekodi haifutwi siku hiyo. Hubadilishwa kuonyesha limelipwa, na habari hiyo hubaki kwa miaka mitano. Ndiyo maana ni afadhali kupigania msamaha na marekebisho kabla ya kulipa. Atakayelipa Sh1,100 kwa haraka ili apate mkopo atakuwa amekiri kwamba alidaiwa.

KUFUNGA NI KWA BARUA

Kutoa pesa zote si kufunga akaunti. Wala kukata kadi vipande, kuondoa programu ya benki kwenye simu au kumwambia karani kwa mdomo. Akaunti hufungwa kwa maagizo ya maandishi yenye sahihi inayolingana na ile iliyo benki.

Mteja hupeleka barua au hujaza fomu tawini, hurudisha kadi na kijitabu cha hundi, na husimamisha maagizo yoyote ya malipo ya kila mwezi. Benki hukata ada ya kufunga ikiwa ipo, hufungua salio lililokuwa limefungwa na kumpa au kumtumia kinachobaki. Akaunti yenye salio hasi haifungwi hadi deni liishe, kwa hivyo anayechelewa kwa miezi michache hulipa ili aruhusiwe kuondoka. Baada ya hapo mteja aombe vitu viwili: taarifa ya mwisho inayoonyesha sufuri, na barua ya kuthibitisha kwamba akaunti imefungwa. Barua hiyo aiweke pamoja na vyeti vyake. Makosa ya mitambo hutokea, na akaunti inayodhaniwa imefungwa huweza kuendelea kukatwa ada kimyakimya.

Kwa asiyetaka kufunga, kwa mfano anayetarajia kurudi kazini, lipo ombi jepesi ambalo watu hawalitoi. Ni kuiomba benki, kwa maandishi, ihamishe akaunti ya mshahara iwe ya akiba au aina nyingine isiyo na ada ya kila mwezi. Benki nyingi zinazo. Kijana wa Naivasha angetumia dakika chache siku ile aliyotoa pesa zake, na Sh1,300 zake zingekuwa zinamngoja.

BAADA YA MIAKA MITANO

Akaunti ambayo mwenyewe hakuigusa wala kuwasiliana na benki kwa miaka mitano huingia chini ya Sheria ya Mali ya Kifedha Isiyodaiwa ya mwaka wa 2011. Benki hutakiwa kumtafuta mwenyewe kwanza, na akikosekana, hukabidhi pesa hizo kwa Mamlaka ya Mali ya Kifedha Isiyodaiwa (UFAA). Hesabu hufanywa kufikia Juni 30 ya kila mwaka, na ripoti hupelekwa kabla ya Novemba 1.

Hapa tofauti ya aina za akaunti hujitokeza kwa mara ya mwisho. Akaunti ya hundi iliyokatwa ada kila mwezi kwa kawaida haina kitu cha kukabidhiwa. Ilikauka katika mwaka wake wa kwanza. Akaunti ya akiba iliyokuwa na Sh3,400, chini ya kiwango cha riba kwa miaka yote mitano, inapaswa kufika UFAA ikiwa na Sh3,400. Haikuzaa, lakini pia haikuliwa.

Pesa zikishafika huko hazipotei. Mwenyewe, au warithi wake ikiwa ameaga dunia, anaweza kuzidai wakati wowote. Kutafuta jina hufanywa kwa kupiga *361# au kupitia tovuti ya mamlaka hiyo, na kudai hakulipiwi chochote. Anayeitisha ada ya 'kufuatilia faili' hatoki UFAA. Mwenye mali hujaza fomu na kuambatisha nakala ya kitambulisho na maelezo ya akaunti anayotaka kulipwa kupitia kwayo. Warithi huongezewa kazi ya kuonyesha cheti cha kifo na stakabadhi za mahakama za urithi, na kwa kiasi kidogo cha pesa gharama ya stakabadhi hizo inaweza kuzidi kinachodaiwa.